Ahadi za mdomo katika duka la familia: pima kila moja kivyake

"Nafanya kazi kwenye bohari Changamwe, mshahara 38,000, mkononi napata kama 31,500. Mzee mmoja mwenye hadwea Kongowea, anayefahamiana na ami yangu, anataka nikamsimamie duka. Ameahidi 45,000 bila makato, asilimia 2 ya faida kila mwisho wa mwaka, na tawi la Mtwapa likifunguliwa niwe mwenzao. Kazi ni saa moja asubuhi hadi saa moja usiku, Jumapili nusu siku. Nilipouliza mkataba, mwanawe alicheka: 'Sisi hapa ni familia, karatasi za nini?' Ami anasema nikisisitiza nitamvunjia mzee heshima. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, nianze na jambo ambalo watu wengi wa hapa Pwani hulielewa visivyo. Husemwa kwamba asiye na karatasi hana mkataba. Si kweli. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inautambua mkataba wa mdomo sawa na ulioandikwa. Siku utakayofungua lile duka asubuhi kwa idhini ya mzee, tayari wewe ni mwajiriwa wake na sheria inakuhusu.

Sheria hiyohiyo inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iandikiwe mkataba, na kifungu cha 9 kinamtwika mwajiri jukumu la kuuandika. Maelezo ya msingi ya kazi, kama jina la mwajiri, mshahara, saa za kazi na likizo, yanatakiwa yawe mkononi mwako kabla ya miezi miwili kupita tangu uanze. Kwa hiyo mwambie ami, kwa upole, kwamba hukudai upendeleo wowote. Umemkumbusha mzee wajibu ambao pengine hakujua kwamba ni wake.

Lipo pia jambo ambalo hata wenye maduka wengi hawalijui. Mkifika mahakamani na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au maelezo yaliyoandikwa, kifungu cha 10 kinamtaka yeye ndiye athibitishe au akanushe sharti mnalobishania. Kukosa karatasi kunamwelemea yeye kuliko wewe.

Zaidi ya hayo, yapo mambo ambayo hayangoji ahadi ya mtu. Hata mzee asipoyataja, una haki ya siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila unapotimiza mwaka. Una siku moja nzima ya mapumziko katika kila siku saba. Ukishatimiza miezi miwili kazini, ukiugua una angalau siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya maandishi ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Mkikubaliana kwanza mtazamane, kipindi hicho kisizidi miezi sita, na hapo notisi ni siku 7. Unaona basi kwamba ile "Jumapili nusu siku" ina kasoro tangu mwanzo, maana ukifungua kila Jumapili hutakuwa na siku nzima ya kupumzika. Mwombe mzee siku nyingine ya wiki, au mwanawe afungue Jumapili.

Hata hivyo, sitaki uegemee mahakama. Dai la kazi lina muda wa miaka mitatu tu, na aliyefika huko ameshapoteza kazi na uhusiano, na ami yako ameshaingia katikati. Sheria itakusaidia mambo yakiharibika. Leo unataka kujua kama yataharibika, na kwa hilo tuzichukue ahadi za mzee moja moja, kwa sababu hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni 45,000 bila makato. Ukitazama haraka ni nyongeza ya 13,500 juu ya unachopata sasa. Lakini kwenye mshahara wako wa sasa, asilimia 6 huenda NSSF, yaani 2,280, na mwajiri wako anaweka kiasi kingine kama hicho. Hiyo ni 4,560 yako kila mwezi, ingawa huigusi. Ukiijumlisha na 31,500 ya mkononi, thamani ya kazi yako ya sasa ni karibu 36,060, na hapo sijahesabu mchango wa SHA wa asilimia 2.75 unaokulinda hospitalini. "Bila makato" maana yake hakuna kitakachopelekwa NSSF, SHA wala KRA kwa jina lako. Si hiari ya mwajiri wala yako, maana sheria inamtaka akate na apeleke.

Kisha zitazame saa. Nikichukulia kwamba bohari unafanya saa nane kwa siku, siku sita, hizo ni kama saa 208 kwa mwezi. Gawa 36,060, unapata shilingi 173 kwa saa. Kongowea, ukitoa saa moja ya chakula, ni saa 11 kwa siku. Kwa siku sita za wiki hiyo ni kama saa 286 kwa mwezi, na 45,000 inakuwa shilingi 157 kwa saa. Ongeza saa tano za kila Jumapili, inashuka hadi kama 146. Sisemi ukatae. Mtu aweza kuwa na sababu nzuri ya kuchukua kazi inayolipa kidogo kwa saa: kujifunza biashara, kuwa karibu na nyumbani, kushika madaraka. Ila usidanganyike kwamba mshahara umepanda. Kilichopanda ni saa.

Ya pili, asilimia 2 ya faida, ndiyo nakuomba uitazame kwa makini zaidi, kwa sababu hapo ndipo wasimamizi wa maduka ya familia huumia bila ya mtu yeyote kusema uongo. Chukua mfano wa duka linalouza bidhaa za shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Simiti, mabati, misumari na rangi zikishalipiwa kwa bei ya kununulia, tuseme kinabaki 225,000. Asilimia 2 ya hiyo ni 4,500. Sasa toa kodi ya duka, umeme, mishahara na pikipiki ya kupeleka mizigo. Halafu toa karo ya wajukuu, tairi la gari la mzee na mchango wa harusi ya mpwa, kwa sababu katika duka la familia fedha za biashara na za nyumbani hutoka droo moja. Mwisho wa mwezi kimebaki 40,000, na asilimia 2 yake ni 800. Na kama ulipoisikia ile ahadi ulidhani ni asilimia 2 ya mauzo, kichwani mwako ulikuwa na 30,000.

Duka ni lilelile na ahadi ni ileile, lakini jibu ni 30,000, 4,500 au 800. Mzee akikupa 9,600 Desemba, yaani 800 mara miezi 12, atakuwa ametimiza alichosema kwa hesabu yake, na wewe utahisi umedhulumiwa. Hatari ni kwamba kipimo kiko mkononi mwa upande mmoja, na kinabadilika kila droo inapofunguliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na komisheni yako ni sehemu ya mali hiyo.

Kwa hiyo usiombe asilimia kubwa zaidi. Omba kipimo unachoweza kukiona mwenyewe, na malipo ya kila mwezi. Katika mfano wangu, sehemu tatu za elfu moja za mauzo yaliyoandikwa kwenye kitabu cha risiti ni 4,500, sawasawa na asilimia 2 ya faida ya kwanza kabla ya gharama. Kama mzee alikusudia faida hiyo, hapotezi kitu, na wewe unaweza kuijumlisha mwenyewe tarehe 30. Komisheni ya kila mwezi ina faida nyingine: ahadi ikivunjwa, utajua mwezi wa pili, wala hutangoja mwaka mzima.

Ya tatu ni Mtwapa, nami nakushauri uihesabu kuwa sifuri. Simaanishi kwamba mzee ni mwongo. Naamini anamaanisha anachosema siku anapokisema. Lakini hebu jiulize, nani ana uwezo wa kukupa sehemu ya duka? Kama biashara ni kampuni, wenye hisa ni wale walioandikwa kwenye rejista, na wanaweza kuwa mzee, ndugu yake na wanawe. Unaweza kuomba ripoti iitwayo CR12 kupitia eCitizen, kwenye huduma ya usajili wa biashara ya BRS, kwa ada ndogo, ukaona majina ya wakurugenzi na wenye hisa. Kama ni jina la biashara tu, mwenye jina ndiye mwenye mali. Mara nyingi utakuta anayeahidi siye mwenye kumiliki peke yake.

Na mzee ni binadamu. Akifariki, mali inaingia mirathi, na warithi wengine huenda hawajawahi kusikia neno Mtwapa. Deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, hilo linajulikana, lakini anayedai lazima alithibitishe. Bila maandishi utakuwa mtu wa nje anayedai sehemu ya mali ya msiba. Kujua ni nani hasa mwenye duka kunakusaidia pia katika jambo dogo la kila siku: jina la mwajiri wako ni lipi? Usije ukaajiriwa na baba, ukalipwa na mwana, ukafukuzwa na binamu.

Lipo moja hukuliuliza, nami naliona zito kuliko mkataba wenyewe. Utakabidhiwa funguo. Duka la hadwea lina mali ndogondogo nyingi, na katika duka la familia wenye mkono wa kuchukua ni wengi: mwana anachukua mikebe miwili ya rangi ya nyumbani, shangazi anatuma kijana achukue elfu tano kwenye droo, mzee mwenyewe anampa jirani mifuko kumi ya simiti kwa mkopo na kusahau kuandika. Miezi minane baadaye stoo inahesabiwa na mali haitoshi. Anayeulizwa ni mwenye funguo asiye wa ukoo.

Kwa hiyo kabla hujapokea ufunguo, omba mali ihesabiwe, wewe na mtu wa familia, kwenye daftari, na mtie sahihi nyote wawili chini ya kila ukurasa. Piga picha kurasa hizo. Kuanzia hapo, kila kinachotoka kwa ajili ya nyumba kiandikwe tarehe, kitu, na jina la aliyechukua. Rudieni kuhesabu kila baada ya miezi mitatu. Kwa habari ya upungufu wa fedha, sheria inaruhusu ukatwe mshahara ikiwa umetokana na uzembe au wizi wako, na ikiwa mkataba wako umetaja wazi kwamba umekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Droo inayofunguliwa na watu watano haiwezi kusema ni nani aliyezembea. Ukiona familia inakataa mali kuhesabiwa, hilo kwangu ni sababu ya kutosha ya kukataa kazi, hata mshahara ungekuwa mara mbili.

Sasa tuje kwenye heshima, kwa sababu najua ndiyo inayokusumbua. Usizungumze na yule mwana aliyecheka. Nenda kwa mzee mwenyewe, ikiwezekana pamoja na ami, wakati duka limetulia. Usianze na neno mkataba. Mwambie unataka kuandika mlivyoelewana usije ukakosea katika kazi yake. Ikiwa mzee ni mtu wa dini, anaijua Aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayoamuru deni la muda maalumu liandikwe, tena inasema msichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Aya hiyohiyo inaondoa ulazima huo kwa biashara ya papo kwa papo, mkono kwa mkono. Komisheni ya baadaye na sehemu ya tawi ambalo bado halijajengwa haziko mkono kwa mkono. Sikuambii umsomee mzee aya kama mwanafunzi. Mwachie ami alitaje hilo, kwa kuwa rika lake linaruhusu.

Baada ya mazungumzo, jioni ileile, mtumie ujumbe wa WhatsApp kama huu:

"Asalam alaykum Mzee. Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya leo. Naandika nilivyofahamu nisije nikasahau. Nitaanza tarehe 1 kusimamia duka la Kongowea. Mshahara ni 45,000, utalipwa kwa M-Pesa kabla ya tarehe 5. Komisheni ni shilingi 3 kwa kila 1,000 ya mauzo ya risiti, kila mwezi. Siku yangu ya mapumziko ni Jumatano. Mali itahesabiwa mimi na mwanao kabla sijapokea funguo. NSSF na SHA zitalipwa na duka kama ulivyosema. Kama kuna nililokosea, naomba unisahihishe."

Weka humo yale tu mliyokubaliana kweli. Akijibu "sawa mwanangu", una maandishi. Wazee wengi watapiga simu badala ya kuandika, na si ubaya. Ukimaliza kuzungumza naye, tuma tena: "Nashukuru kwa simu yako Mzee, nimeelewa kwamba yote ni sawa isipokuwa mapumziko yatakuwa Jumatatu." Usifute mazungumzo hayo, wala usibadilishe simu bila kuhifadhi nakala. Picha ya skrini peke yake ni dhaifu. Mahakama zetu hupokea ushahidi wa kielektroniki, lakini hutaka cheti kinachoeleza ulitolewa kwenye kifaa gani na vipi, kwa hiyo ujumbe wenyewe ubaki kwenye simu. Kwa sababu hiyohiyo sisitiza mshahara uje kwa M-Pesa au benki. Ukiambiwa "chota kwenye droo", utakuwa huna alama ya kulipwa, na siku moja utaulizwa ulichota kiasi gani.

Jibu la mzee litakueleza mengi kuliko ahadi zake. Akisahihisha tarehe au akipunguza komisheni, furahi, huyo ni mtu anayekusudia kulipa anachokubali. Akikubali mshahara na akanyamaza kuhusu komisheni, ichukulie kazi kuwa ni ya 45,000 tupu, uamue kwa hesabu hiyo. Akikasirika kwamba umeandika tu alichosema kwa mdomo wake, basi ahadi haikuwa imara hata ilipotoka. Na kabla ya yote, mtafute aliyesimamia duka kabla yako, au kijana anayebeba mizigo pale. Muulize mambo mawili: mshahara huingia tarehe ngapi, na msimamizi aliyepita aliondokaje. Kongowea si mbali na Changamwe, utampata.

Ningekuwa mahali pako, ningeikubali kazi hii kwa masharti matatu: mshahara uwe umethibitishwa kwa maandishi pamoja na NSSF na SHA, mali ihesabiwe, na nipate siku nzima ya mapumziko. Komisheni ningeijadili lakini nisingeivunjia mazungumzo. Kwa 45,000 bila makato na saa zile, bila nafuu yoyote, ningebaki bohari na kumwomba mwajiri wangu nyongeza.

Yapo mambo ambayo usiyaamue kwa kusoma jibu langu. Wakikuomba utie akiba yako katika tawi la Mtwapa, uchukue mkopo wa SACCO kwa ajili ya bidhaa, uwe mdhamini kwa msambazaji wa simiti, au namba ya Lipa na M-Pesa ya duka iandikishwe kwa jina lako, usitie sahihi popote kabla ya kukaa na wakili. Hapo umeshatoka kwenye ajira, umeingia kwenye deni na kodi za watu wengine. Ukiwa huna uwezo wa kumlipa wakili, Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa na husaidia watu wa kipato cha chini. Kwa maswali ya mshahara, likizo na saa, nenda ofisi ya kazi ya serikali umwone ofisa wa kazi. Hupokea malalamiko na huweza kumwita mwajiri mkazungumza kabla ya kesi, na hata kabla hujaanza kazi unaweza kumuuliza kiwango cha chini cha mshahara wa kazi kama yako.

Na kwa kuwa nawe unalipwa kwa mwezi, bohari unadaiwa notisi ya siku 28, labda mkataba wako useme zaidi. Isikabidhiwe kabla mzee hajajibu ule ujumbe. Akiwa anakuharakisha uanze Jumatatu ijayo, mwambie ukweli kwamba una notisi ya kutimiza. Mwajiri atakayekabidhi duka lake kwa mtu angependa kujua kwamba mtu huyo huaga vizuri anapotoka.